Malipo Yanayokubali kwenye Majaribio na Kugoma Kazini

Kampuni nyingi za malipo humpa mtengenezaji wa mifumo sehemu mbili za kufanyia kazi. Ya kwanza ni ya majaribio, yenye funguo zake, namba za biashara za kubuni na wateja wa mfano. Ya pili ni ya kazi halisi, ambako kila ombi linagusa fedha za mtu. Sehemu hizi mbili hupokea maombi ya sura moja na hujibu kwa lugha moja, na hapo ndipo wengi hujikwaa. Mtu huona msimbo wake umefaulu kwenye majaribio, akadhani kilichobaki ni kubadilisha anwani ya seva tu. Siku ya kuzindua, mteja wa kwanza anabonyeza kitufe cha kulipa na hakuna kinachotokea, au mbaya zaidi, kinatokea kitu ambacho si sahihi.

Sababu zake karibu zote ziko nje ya hesabu ya msimbo wenyewe. Zimo katika funguo, katika kiasi na sarafu, na katika jinsi akaunti ya mfanyabiashara ilivyosajiliwa. Mfano unaofaa kuufuata hatua kwa hatua ni Daraja, mlango ambao Safaricom ya Kenya iliufungua ili mifumo ya nje iweze kuzungumza na M-Pesa. Huduma inayotumika sana hapo ni STK Push: tovuti inatuma ombi, simu ya mteja inaonyesha ujumbe wa kuthibitisha malipo, mteja anaweka PIN, kisha Safaricom inaipelekea tovuti matokeo.

Chukulia kampuni ya mabasi yaendayo kati ya Mombasa na Nairobi, inayouza tiketi kwa nauli ya shilingi 1,500. Kwa miaka kadhaa imepokea malipo kwa namba ya Till iliyobandikwa dirishani pa ofisi. Sasa inataka abiria walipe kupitia tovuti, na imemwajiri kijana wa kuiunganisha na Daraja. Kijana huyo amejisajili, amefungua programu ya majaribio kwenye tovuti ya Daraja, na amepata funguo mbili, Consumer Key na Consumer Secret. Kwa kuwa katika majaribio hatumii namba ya kampuni, ametumia ile ambayo Safaricom imewapa watu wote, yaani Paybill 174379, pamoja na neno la siri lake refu linaloitwa Passkey.

Ombi lake lina hatua mbili. Kwanza anazipeleka zile funguo mbili na kurudishiwa tokeni, ambayo ni kibali cha muda kinachodumu kwa sekunde 3599, yaani karibu saa moja. Pili anatuma ombi la malipo lenye tokeni hiyo, na ndani yake anaweka sehemu iitwayo Password. Hii Password hatungi yeye. Ni namba ya biashara, Passkey na muda wa ombi vilivyounganishwa bila nafasi, kisha vikageuzwa kwa mfumo wa Base64:

```
Password = base64(BusinessShortCode + Passkey + Timestamp)
```

Kwenye majaribio kila kitu kinakwenda vizuri. Ombi linajibiwa kwamba limepokewa, na hata simu yake mwenyewe inalia na kumuomba PIN. Jambo hili la simu kulia ndilo linalowadanganya watu zaidi ya mengine yote, kwa sababu ombi la majaribio kwa namba 174379 linaweza kufika kwenye simu ya kweli na kukata fedha za kweli, ambazo hurudishwa baadaye. Aliyeona simu ikilia na salio likipungua huamini kwamba amekwisha kuingia kazini. Tovuti ikizinduliwa hivyo, na funguo za majaribio zikiwa bado ndani yake, abiria atalipa, tovuti itamkatia tiketi, na fedha zitarudi kwake huku kampuni ikiwa haijapata hata senti. Dalili ya kutazama ni jina lililo kwenye ujumbe wa simu. Ikiwa si jina la kampuni ya mabasi, malipo hayaendi kwa kampuni ya mabasi.

Kuingia kazini kwenyewe hufanyika kwa hatua inayoitwa Go Live. Anayeikamilisha huulizwa namba ya biashara, jina la kampuni kama lilivyosajiliwa, na jina la mtumiaji mwenye mamlaka kwenye tovuti ya M-Pesa ya wafanyabiashara. Kisha namba ya siri ya kutumika mara moja hutumwa kwenye simu ya mtumiaji huyo. Hivyo mtengenezaji hawezi kumaliza hatua hii akiwa peke yake chumbani usiku. Ni lazima meneja wa kampuni awepo, na simu yake iwe mkononi. Mara nyingi hapa ndipo wiki hupotea, kwani mwenye biashara hakumbuki aliyemsajilia Till alitumia laini gani, au mtumiaji wa tovuti ile ni mfanyakazi aliyekwisha kuondoka.

Hatua hiyo ikikamilika, programu ya majaribio haigeuki kuwa ya kazi halisi. Inazaliwa programu nyingine, yenye Consumer Key na Consumer Secret zake, na Passkey mpya hutumwa kwa barua pepe. Anwani ya seva nayo ni tofauti. Vitu vinavyobadilika basi ni vitano: anwani, funguo mbili, namba ya biashara na Passkey. Ikiwa hata kimoja kimebaki cha majaribio, malipo hayapiti. Kila kimoja kina namna yake ya kulalamika, na anayezijua namna hizo huokoa siku nzima.

Kijana wa kampuni ya mabasi anabadilisha anwani kwanza, kutoka `sandbox.safaricom.co.ke` kwenda `api.safaricom.co.ke`, na kuweka funguo mpya. Anajaribu na kujibiwa hivi:

```
"errorCode": "404.001.03",
"errorMessage": "Invalid Access Token"
```

Anazitazama funguo zake mara mbili na kuona ni sahihi. Kosa liko kwingine. Ili kutoiomba Daraja tokeni kwa kila mteja, tovuti yake huihifadhi tokeni na kuitumia tena mpaka muda wake uishe. Ile iliyohifadhiwa ilitolewa na mlango wa majaribio, nayo sasa inapelekwa kwenye mlango wa kazi halisi, usioitambua. Baada ya saa moja tokeni ingekwisha muda, tovuti ingeomba nyingine, na hitilafu ingetoweka yenyewe bila mtu kujua ilitoka wapi. Dawa ni kufuta hifadhi hiyo kila funguo zinapobadilishwa. Sababu nyingine ya ujumbe huohuo ni anwani iliyogeuzwa sehemu moja tu ya msimbo: ombi la tokeni linakwenda kwenye majaribio na ombi la malipo linakwenda kazini, au kinyume chake. Kwa hiyo ni afadhali anwani iandikwe mahali pamoja tu, na hatua zote mbili ziisome kutoka hapo.

Kama funguo zenyewe ndizo zenye kasoro, malalamiko huja mapema zaidi, kwenye ombi la tokeni. Jibu huwa la HTTP 400, na mara nyingine halina maelezo yoyote ndani yake. Kabla ya kulaumu kampuni ya malipo inafaa kuangalia mwisho wa kila ufunguo. Funguo hunakiliwa kutoka kwenye ukurasa au barua pepe, na nafasi tupu au mstari mpya huja nao bila kuonekana. Kwa kuwa funguo hizi nazo hugeuzwa kwa Base64 kabla ya kutumwa, nafasi moja tupu hubadilisha kila kitu kinachofuata.

Tokeni sasa inapatikana. Kijana anatuma ombi la malipo na kukutana na hitilafu ya pili, yenye namba `500.001.1001` na maneno `Wrong credentials`. Wengi wakiona maneno hayo hurudi kwenye Consumer Key na Consumer Secret, kumbe hizo zimekwisha kukubaliwa, la sivyo tokeni isingetoka. Kinacholalamikiwa hapa ni ile Password ya ndani, yaani namba ya biashara na Passkey yake havilingani.

Upo ukaguzi mdogo unaomaliza ubishi huu. Base64 huigeuza kila herufi tatu kuwa nne, kwa mpangilio usiobadilika. Namba 174379 ikigeuzwa huwa `MTc0Mzc5` kila mara. Hivyo Password yoyote inayoanza kwa herufi hizo nane inabeba namba ya majaribio, hata kama mwenye msimbo anaapa kwamba ameibadilisha. Passkey ya majaribio, ambayo ni ileile kwa watu wote, huanza kwa `bfb279`, na sehemu hiyo ikigeuzwa huwa `YmZiMjc5`. Ikiwa namba ya biashara ina tarakimu sita na herufi hizo zinaonekana mara tu baada ya nane za kwanza, basi namba imebadilishwa lakini Passkey imesahaulika. Kijana anaitazama Password yake katika kumbukumbu za seva na kuona hasa hivyo: mwanzo mpya, katikati ya zamani. Alikuwa ameandika Passkey ya majaribio moja kwa moja ndani ya msimbo mwezi mmoja uliopita, akiwa na nia ya kuihamisha baadaye.

Ukaguzi huu ufanyike kwenye kompyuta ya mtu mwenyewe. Kubandika Password ya kazi halisi kwenye tovuti ya kugeuza Base64 ni kumpa mgeni Passkey, kwani Base64 si usimbaji wa siri. Yeyote anaweza kuirudisha katika hali yake ya kwanza.

Baada ya kuweka Passkey mpya, ombi bado linakataliwa. Hapa tunaingia kwenye jambo la akaunti, na ndilo gumu kuligundua kwa sababu majaribio hayakulionyesha kamwe. Namba 174379 ni Paybill. Kampuni ya mabasi ina Till. Kwa mteja tofauti yake ni ndogo: Paybill humtaka aweke namba ya akaunti, na Till haimtaki. Kwa Daraja tofauti ni kubwa. Kwenye Paybill, namba moja huandikwa mahali pawili, pa mfanyabiashara anayeomba na pa anayepokea. Kwenye Till, nyuma ya namba iliyobandikwa dirishani kuna namba nyingine, ya duka au ya makao makuu, ambayo mteja haioni. Hiyo ndiyo inayoomba, na Till ndiyo inayopokea. Aina ya muamala nayo hubadilika:

```
"BusinessShortCode": "NAMBA_YA_DUKA",
"TransactionType": "CustomerBuyGoodsOnline",
"Amount": 1500,
"PartyA": "2547XXXXXXXX",
"PartyB": "NAMBA_YA_TILL"
```

Kijana alikuwa ameweka Till mahali pote pawili, na kuiacha aina ya muamala ikiwa `CustomerPayBillOnline` kama ilivyokuwa kwenye majaribio. Kwa kuwa Password huundwa kwa namba iliyo kwenye `BusinessShortCode`, na Passkey ilitolewa kwa namba ya duka, viwili hivyo havingeweza kulingana hata angejaribu mara mia. Namba ya duka hupatikana kwenye barua ya kufunguliwa kwa Till au kwenye tovuti ya M-Pesa ya wafanyabiashara, na meneja huwa nayo bila kujua kazi yake.

Sasa simu ya abiria inalia, jina la kampuni linaonekana, PIN inawekwa, na ujumbe wa M-Pesa wa kuthibitisha malipo unaingia. Kwenye tovuti lakini kurasa inazunguka tu: "Tunasubiri malipo yako." Fedha zimekwenda, tiketi haijatoka. Pengine hii ndiyo hitilafu mbaya kuliko zote kwa biashara, kwa sababu mteja amekwisha kutoa fedha zake na ana ushahidi mkononi.

Ili kuielewa ni lazima kutofautisha majibu mawili. Jibu la kwanza hurudi papo hapo na kusema ombi limepokewa, likiwa na `ResponseCode` ya 0. Halisemi kwamba mtu amelipa. Jibu la pili huja baadaye, baada ya mteja kuweka PIN au kukataa, na Safaricom hulipeleka kwenye anwani ambayo tovuti iliitaja katika ombi. Ndani yake mna `ResultCode`: 0 ni malipo yamekamilika, 1 ni salio halitoshi, 1032 ni mteja ameghairi, na 1037 ni simu haikufikiwa au mteja hakujibu. Kama anwani hiyo haifikiki kutoka nje, jibu la pili hupotea.

Katika majaribio, kijana alitumia huduma ya muda inayoifanya kompyuta yake ionekane kwenye mtandao. Safaricom yenyewe huonya dhidi ya huduma hizo katika kazi halisi, nazo mara nyingi huzuiwa. Baadaye akaihamisha tovuti kwenye seva ya kampuni lakini hakuibadilisha anwani ya kupokea majibu. Hata baada ya kuibadilisha, kuna mambo mengine ya kutazama. Anwani iwe ya HTTPS yenye cheti halali. Ukuta wa ulinzi wa seva usizizuie simu za Safaricom. Njia hiyo isidai mtu aingie kwanza kwa neno la siri, kosa ambalo hutokea sana pale kurasa zote za tovuti zinapofungwa kwa pamoja. Anayetumia usajili wa anwani wa huduma ya C2B ana mtego wa ziada: kwenye majaribio anaweza kusajili anwani kila anapotaka, lakini kazini usajili ni wa mara moja, na kuubadilisha hudai kuufuta ule wa kwanza kwenye sehemu ya huduma binafsi ya tovuti ya Daraja au kuwaandikia Safaricom. Maneno kama jina la Safaricom au la M-Pesa hayatakiwi ndani ya anwani hiyo. Aliyeiita njia yake `/mpesa/jibu` atashangaa kwa nini hapati kitu.

Namna ya kujua kwamba tatizo ni anwani na si malipo ni kusoma kumbukumbu za seva kwa dakika ile ya muamala. Ikiwa hakuna ombi lolote lililoingia, jibu halikufika. Ikiwa liliingia na seva ikajibu kwa 403 au 500, lilifika likafukuzwa mlangoni. Kwa vyovyote tovuti isitegemee jibu hilo peke yake. Daraja ina ombi la kuuliza hali ya STK Push kwa kutumia namba ya `CheckoutRequestID` iliyokuja na jibu la kwanza. Tovuti ya tiketi ikisubiri kwa muda bila kuona kitu, na iulize yenyewe, badala ya kumwambia abiria ajaribu tena na kumkata mara mbili.

Kuhusu sarafu, Daraja humpa mtu raha ya hatari. Katika ombi la STK Push hakuna mahali pa kutaja sarafu. Kila kiasi ni shilingi ya Kenya, tena nzima, bila senti. Anayeandika 1500 anamaanisha shilingi 1,500. Kijana amelizoea hilo. Kisha kampuni inamwambia kwamba abiria wengine, hasa watalii, wanataka kulipa kwa kadi, naye anaongeza huduma ya Paystack, inayofanya kazi Kenya pia.

Paystack, kama ilivyo Stripe iliyoinunua mwaka 2020, huhesabu kiasi kwa kipande kidogo kabisa cha sarafu. Kwa shilingi ya Kenya kipande hicho ni senti, na shilingi 1,500 huandikwa 150000. Kijana akipeleka 1500 kama alivyozoea, kadi itakatwa shilingi 15. Hapa sehemu ya majaribio haimsaidii hata kidogo. Kadi ya mfano haina mwenyewe wa kulalamika wala salio la kupungua, hivyo malipo ya shilingi 15 hufaulu kwa furaha ileile ya malipo ya shilingi 1,500. Majaribio huthibitisha kwamba ombi limeandikwa sawasawa. Kwamba kiasi ni sahihi, halithibitishi mtu isipokuwa aliyekaa na kulinganisha tarakimu kwenye skrini ya kampuni ya malipo na bei iliyo kwenye tiketi.

Akikosea upande wa pili, akaiweka hesabu ya kuzidisha kwa 100 mahali ambapo huduma zote mbili zinaisoma, simu ya abiria itaonyesha ombi la shilingi 150,000. M-Pesa haitalikataa kwa ukubwa wake, kwa kuwa tangu Agosti 2023 kikomo cha muamala mmoja ni shilingi 250,000. Wengi watalighairi kwa mshtuko, na wengine wataweka PIN bila kusoma na kukosa salio. Kwenye kumbukumbu za tovuti kutakuwa na mfululizo wa `ResultCode` 1032 na 1. Msimamizi asiyejua atadhani ni wateja wasio na fedha au waliobadilisha nia. Ukiona kundi la majibu ya namba hizo mbili mara tu baada ya kuzindua, tazama kiasi kabla ya kuwatazama wateja.

Si kila sarafu ya ukanda huu ina senti. Kwa mujibu wa kiwango cha kimataifa cha ISO 4217, shilingi ya Kenya na ya Tanzania huhesabiwa kwa desimali mbili, lakini shilingi ya Uganda, faranga ya Rwanda na faranga ya Burundi hazina desimali. Kwa Stripe, faranga 5,000 za Rwanda huandikwa 5000 bila kuzidishwa. Shilingi ya Uganda nayo ina kituko chake: Stripe huitambua kama sarafu isiyo na senti, lakini kwa ajili ya mifumo ya zamani huitaka iandikwe kana kwamba inazo, yaani 5,000 ziwe 500000. Hesabu ya "zidisha kwa 100" kwa hiyo haifai kuandikwa kama kanuni ya wote. Iwekwe jedwali la sarafu, na kila moja iwe na kizidisho chake kwa kila kampuni ya malipo.

Kosa jingine la sarafu halitoki kwenye tarakimu bali kwenye akaunti. Kampuni ya mabasi inataka kuwatoza watalii kwa dola. Kijana anabadilisha `KES` kuwa `USD`, na Paystack inajibu `Currency not supported by merchant`. Maana yake ni kwamba akaunti hii ya mfanyabiashara haijaruhusiwa kupokea sarafu hiyo. Hakuna msimbo utakaobadilisha jibu hilo. Ni maombi, pengine pamoja na akaunti ya benki ya dola, yanayopaswa kufanywa na mwenye biashara.

Huduma za kadi zina wema mmoja ambao Daraja haina: ufunguo wenyewe unajitaja. Wa siri wa majaribio huanza kwa `sk_test_` na wa kazi halisi kwa `sk_live_`, hivyo tovuti inaweza kuukagua inapowaka na kukataa kuendelea ikiona wa majaribio kwenye seva ya kazi. Kinachosahaulika ni vitu vilivyoundwa kwa ufunguo huo. Bei, wateja na mipango ya malipo iliyosajiliwa upande wa majaribio haihamii upande wa pili. Stripe huwa na ukarimu wa kueleza: husema bei hiyo haipo, ila kuna inayofanana nayo upande wa majaribio. Siri ya kuthibitisha taarifa zinazotumwa na kampuni ya malipo nayo hubadilika. Paystack hutia saini kila taarifa kwa kutumia ufunguo wa siri wa upande husika, na tovuti inayoikagua saini ya kazi halisi kwa ufunguo wa majaribio itazitupa taarifa zote ikiziona za kughushi. Abiria atarudi palepale, amelipa na hana tiketi.

Upande wa Tanzania, M-Pesa ya Vodacom ina mlango wake, ambao hauna uhusiano na funguo za Daraja ingawa jina la huduma ni moja. Huko sarafu na nchi hutajwa wazi katika ombi, `TZS` na `TZN`, na tofauti ya majaribio na kazi halisi iko ndani ya njia ya anwani: sehemu ya `sandbox` hubadilishwa kuwa `openapi`. Ufunguo wa API husimbwa kwa ufunguo wa umma kabla ya kutumwa, na kila upande una ufunguo wake wa umma. Anayebadilisha njia na kusahau ufunguo wa umma hupeleka kitu kisichosomeka. Jibu la kufaulu ni `INS-0`, `INS-2` ni ufunguo usio sahihi, na `INS-13` ni namba ya biashara isiyofaa, ambayo huwapata walioacha ile ya majaribio yenye sifuri sita.

Tukirudi Mombasa, kampuni inataka pia kumrudishia nauli abiria aliyeghairi safari, kwa kumtumia fedha moja kwa moja. Hapo Daraja inadai mtumiaji wa pekee aliyepewa mamlaka hayo kwenye tovuti ya wafanyabiashara, na neno lake la siri lisimbwe kwa cheti cha Safaricom. Vyeti ni viwili, kimoja cha majaribio na kimoja cha kazi halisi. Neno sahihi lililosimbwa kwa cheti kisicho chake hurudi na `ResultCode` 2001, kwamba taarifa za anayeanzisha muamala si sahihi. Kijana asijaribu tena na tena akibahatisha maneno, kwa sababu namba inayoweza kufuata ni 8006: mtumiaji amefungwa, na meneja ndiye atakayelazimika kumfungulia.

Malipo ya kwanza ya kazi halisi yafanywe kwa shilingi moja, kwa simu ya mtu wa ndani, kabla ya wateja kufunguliwa mlango. Vitu vitatu vitazamwe kwa muamala huo mmoja: jina la kampuni kwenye ujumbe wa simu, kiasi kwenye taarifa ya Till, na jibu lenye `ResultCode` 0 katika kumbukumbu za seva. Kisha irudiwe kwa kughairi makusudi, ili ionekane kama tovuti inaisoma 1032 na kuliachilia kiti cha basi.

Kuna hali moja ambayo hatua zote hizi haziifikii. Biashara nyingi hupokea malipo kwa Paybill ya benki, ambako mteja huweka namba ya benki kisha namba ya akaunti ya biashara. Namba ile ni mali ya benki. Mfanyabiashara hana mtumiaji wake kwenye tovuti ya M-Pesa, hawezi kukamilisha Go Live, na hatapewa Passkey. Kwake yeye njia ni mbili tu: aiombe benki iunganishe tovuti kupitia mlango wake yenyewe, au achukue Paybill au Till kwa jina la kampuni na aanze upya na funguo zake.